Omeleti laini juu ya makala: sikiliza povu la siagi

*«Shefu, niko Bukavu, napika kwa makala. Omeleti yangu inakuwa kahawia chini huku juu bado ni maji, na nikiikunja inapasuka katikati. Jirani ananiambia nimimine mayai siagi ikiwa na povu, dada yangu anasema ningoje povu liishe. Nimfuate nani? Na nikunje wakati gani hasa?»*

Dada, ngoja povu lianze kushuka, lakini usingoje liishe. Kati ya jirani na dada yako kuna sekunde chache tu, na mayai humiminwa ndani ya sekunde hizo. Ukimimina povu likiwa bado limejaa na linapiga kelele, kikaango hakijapata moto wa kutosha, mayai yatalala kwenye siagi na kuinywa. Ukingoja hadi povu liishe kabisa, kikaango kimeshapita kiwango na chini yatakuwa kahawia kabla hujayakoroga. Mayai yako yanakuwa kahawia, kwa hiyo nadhani umekuwa ukimfuata dada yako.

Nieleze povu lenyewe, kwa sababu ukilielewa huhitaji kipimajoto. Siagi si mafuta matupu. Katika gramu 100 za siagi ya kawaida, mafuta ni kama gramu 82, maji ni kama 16, na kidogo kilichobaki ni vitu vya maziwa: protini na sukari yake. Ukiiweka kwenye kikaango chenye moto inayeyuka, kisha yale maji yanaanza kuchemka ndani ya mafuta. Mvuke unatafuta njia ya kutoka, protini za maziwa zinauzunguka kama sabuni inavyozunguka hewa, na hapo ndipo povu linapotokea. Ile sauti ya kuchachatika unayoisikia ni maji yanayotoka.

Maadamu maji hayo yapo, siagi haiwezi kupata moto zaidi sana ya kiwango ambacho maji huchemka. Kwetu huku kiwango hicho si digrii 100. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Bukavu na Goma ziko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu na digrii 95. Povu likiwa jeupe, limejaa na linasema, siagi yako iko hapo, kwenye 95 au juu kidogo tu. Maji yakikaribia kwisha, sauti inapungua, mapovu makubwa yanapasuka, na yanabaki madogo madogo yaliyotawanyika kama povu la maziwa yaliyotulia. Sasa hakuna tena kinachozuia joto kupanda, na linapanda haraka. Muda mfupi baadaye vile vitu vya maziwa vinaanza kupata rangi, kwanza ya dhahabu, kisha ya karanga iliyokaangwa, na harufu inabadilika vilevile. Kwa samaki au mchicha, siagi ya namna hiyo ni tamu sana. Kwa omeleti laini umeshachelewa.

Kwa hiyo saa ya kumimina utaijua kwa sikio kabla ya jicho: kelele inashuka na kuwa mnong'ono, povu linaanza kufunguka katikati ukaona chini ya kikaango, na siagi bado ina rangi yake ya njano. Ukiona vidoa vya kahawia, hata vidogo, usimimine. Toa kikaango motoni, futa kwa kitambaa au karatasi, uanze na siagi mpya. Najua siagi ni ghali na inauma kuitupa. Kwa hiyo usiitupe, imwage kwenye bakuli, mchana itapikia sombe.

Mayai nayo yana joto lao, na hilo halibadiliki kwa sababu ya milima. Mayai yaliyopigwa huanza kushikana karibu na digrii 70. Yakipita 80 protini zinakazana, zinajikamua kama nguo inayosokotwa, na maji yanatoka. Ndiyo yale maji unayoyaona kwenye sahani chini ya omeleti iliyokauka. Watu hudhani hayajaiva, kumbe yameiva kupita kiasi. Basi fikiria: chini kuna kikaango chenye zaidi ya digrii 100, na unataka mayai yaishie kidogo tu juu ya 70. Ukiyaacha yatulie, tabaka la chini litafika 90 na zaidi wakati la juu bado ni baridi, kwa sababu joto hupita polepole ndani ya yai. Hiyo ndiyo kahawia yako ya chini na maji yako ya juu, na zote mbili zina sababu moja. Dawa yake ni kukoroga, ili yale ya chini yapande kabla hayajakauka na ya juu yashuke kupata zamu yao.

Kupasuka pia kunatoka hapohapo. Ngozi ya chini ikikauka inakuwa kama karatasi: ukiikunja inavunjika. Ikibaki na unyevu inakunjika kama kitambaa. Mtu akiniambia omeleti yake inapasuka, simuulizi kwanza anakunja vipi, namuuliza ilikaa motoni muda gani.

Sasa makala. Mbabula ina tatizo moja ambalo jiko la gesi halina: huwezi kuupunguza moto kwa kidole. Kwa hiyo moto uutengeneze kabla, kisha uendeshe kwa kuinua kikaango. Usipike omeleti kwenye makala yaliyotoka kushika, yenye ndimi za moto na sehemu nyeusi. Pika chai kwanza, au chemsha maji ya kuoga watoto. Omeleti ije mwisho, makala yakiwa yote mekundu ndani na yamevaa majivu meupe juu. Yatandaze yawe sawa, yasirundikane katikati, na funga kimlango cha hewa cha chini kibaki wazi kama upana wa kidole. Kisha weka kiganja juu ya mbabula, kama urefu wa shubiri kutoka kwenye makala. Ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano kabla ya kuondoa mkono, moto huo unafaa. Ukiondoa mkono kabla ya kuhesabu mbili, ngoja, au ongeza majivu kidogo juu. Na kama mvua imekufungia ndani, kama inavyotokea Bukavu karibu mwaka mzima isipokuwa kiangazi, fungua dirisha na mlango kabla ya kuingiza mbabula. Gesi ya makala inayoua haina rangi wala harufu.

Kuhusu kikaango nitakuwa mkali kidogo. Sufuria nyembamba ya alimini inayotengenezwa mitaani ni nzuri kwa wali na maharage, lakini omeleti hii haitatoka humo. Mayai yanashika chuma chake, na kwa sababu ni nyembamba, kila kaa lililo chini linaacha doa lake la moto. Unahitaji kikaango kisichoshika, chenye kitako kizito kiasi, kisichokwanguliwa. Cha chuma kilichozoeshwa mafuta kwa miezi mingi hadi kikawa cheusi na kinang'aa nacho kinafaa, mradi hakijaoshwa kwa sabuni ya unga na waya. Upana wa kitako usizidi sana sentimita 20 kwa mayai matatu. Kwenye kikaango kipana mayai yanakuwa tabaka jembamba, yanaiva yote kwa mara moja, na hupati muda wa kutengeneza kile kiini laini cha katikati. Wengi wanaolalamika kuhusu moto wana kosa hili la upana, nao hawalijui.

Mayai matatu, bila maganda, ni kama gramu 150. Yasitoke kwenye friji moja kwa moja. Kama una friji, yatoe kama nusu saa kabla. Wengi wetu mayai tunayaweka mezani, na kwa omeleti hiyo ni bahati njema, kwa sababu yai baridi linapoza kikaango ghafla na kuua ule moto uliouvizia. Vunja kila moja kwenye kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na wenzake. Mayai mengi ya sokoni yamesafiri njia ndefu kufika kwetu, na yai moja bovu linaharibu yote.

Tia chumvi sasa, si mwishoni. Kwa mayai matatu, vidole vitatu vinavyokutana mara mbili vinatosha, hiyo ni kama gramu moja. Koroga, kisha yaache dakika 10 au 15 huku makala yakitulia. Chumvi inazizuia protini zisikazane sana zikipata moto, na utaona rangi ya mayai inakolea na kuwa ya machungwa kidogo. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Kupiga nako kuna kiasi chake. Tumia uma, upeleke huku na huku kando ya bakuli kama mara 40, hadi usione tena uzi mweupe wa ute ukiinua uma. Ute usiochanganyika unaiva kwa joto lake tofauti na unaacha mabaka meupe magumu. Lakini usipige hadi mayai yajae povu kama unatengeneza keki, maana hewa hiyo inakausha na kufanya omeleti ivimbe, kisha ikanyauka kwenye sahani.

Maziwa usiongeze. Najua kwetu wengi tumefundishwa nyumbani kuweka kijiko cha maziwa ili mayai «yaongezeke», na kwa omeleti ya kugeuza, ile nene ya kugawia watu wengi, si vibaya. Hapa ulaini unatoka kwenye kupika kidogo, na maji ya maziwa ni maji zaidi yatakayotafuta pa kutokea. Kama unataka utajiri zaidi, katakata kipande cha siagi baridi, kama gramu 10, vipande vidogo kama mbegu za maharage, uvitupe ndani ya mayai kabla ya kumimina. Vinayeyuka polepole na kuyapoza mayai kutoka ndani, na vinakupa sekunde chache zaidi za kufanya uamuzi. Kwa anayejifunza, sekunde hizo zina thamani kubwa.

Jana asubuhi, hapa Goma, nilipika moja kwa ajili yako nikiwa na saa mkononi, nikiandika. Makala yalikuwa yamechemsha chai na uji, yamevaa majivu. Kikaango kisichoshika cha sentimita 20, mayai matatu yaliyokaa na chumvi robo saa, siagi gramu 15 ya kupikia, yaani kijiko cha chakula kilichosawazishwa. Niliweka kikaango kitupu motoni nusu dakika tu, kisha siagi. Iliyeyuka baada ya sekunde 20 hivi. Kwenye sekunde ya 30 ilianza kusema, nikazungusha kikaango ili iguse pande zote hadi ukingoni. Kwenye 40 povu lilijaa, jeupe, na kelele ikawa kubwa kuliko wakati wote. Hapo jirani yako angemimina. Nilingoja. Kwenye 55 kelele ilianza kushuka, povu likafunguka katikati. Nikamimina mayai yote kwa mara moja, na saa nikaianza upya.

Sauti ya mayai yakigusa siagi ndiyo kipimo cha pili. Iwe kama mtu anayenyamazisha mtoto: shh, ya chini, inayoendelea. Ikiwa kimya kabisa, kikaango ni baridi. Usikoroge bado, subiri sekunde tano hadi uione kingo ikibadilika rangi. Ikiwa inapiga kelele kama mandazi kwenye mafuta, inua kikaango hapo hapo shubiri moja juu ya makala na ukoroge kwa haraka huku kikiwa hewani.

Jana sauti ilikuwa nzuri. Nilisubiri kama sekunde tatu tu, kisha nikakoroga kwa mwiko mdogo wa mpira, kwa miduara midogo na ya haraka katikati, huku mkono wa kushoto ukikitikisa kikaango mbele na nyuma. Kila sekunde tano mwiko ulizunguka ukingoni kuteremsha kile kilichoanza kushika pembeni. Kwenye sekunde ya 10 vilionekana vipande laini vidogo vikiogelea kwenye mayai mabichi. Kwenye 18 vipande vilikuwa vingi kuliko maji. Niliinua kikaango mara moja, kwenye sekunde ya 15, kwa sababu nilihisi upande mmoja unashika haraka. Kulikuwa na kaa kubwa chini yake. Kwenye sekunde ya 22 niliacha kukoroga.

Hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa, na nitakaa hapa kidogo. Kuna saa mbili tofauti: saa ya kuacha kukoroga na saa ya kukunja. Zimeachana kwa sekunde kama 10 tu, lakini kila moja ina alama yake.

Saa ya kuacha kukoroga: vuta mwiko katikati ya kikaango, kutoka upande mmoja hadi mwingine, uchore njia. Njia ikijifunga papo hapo kama umechora kwenye maji, bado. Ikijifunga polepole, kama uji mzito unavyorudi ukiuchota kijiko, ndiyo saa yenyewe. Ikibaki wazi ukaona chini ya kikaango bila kitu kurudi, umepitiliza. Bado unaweza kula vizuri, lakini kunja sasa hivi bila kungoja chochote.

Baada ya kuacha, sawazisha kwa mwiko ili kusiwe na tundu, piga kikaango mara moja juu ya ukingo wa mbabula ili yatulie, kisha usiguse. Sekunde 8 hadi 10. Katika muda huo chini inajitengenezea ngozi moja nyembamba inayoshikilia vyote. Ukikunja bila kuipa nafasi hiyo, utapata mayai ya kuvuruga yaliyorundikwa, hayana umbo. Ukiipa sekunde 30, ngozi inakuwa ganda, na tumerudi kwenye kupasuka kwako.

Saa ya kukunja ina alama tatu, nami huzitazama kwa mpangilio huu. Kwanza ukingo: pembeni kabisa, upana wa uzi, mayai hayang'ai tena. Kisha katikati: bado panang'aa kama midomo iliyopakwa mafuta, pana unyevu, lakini ukiinamisha kikaango hakuna kinachotiririka, kinasogea kidogo kama tope, basi. Mwisho, tikisa mpini: omeleti yote iteleze kama kipande kimoja. Ukiziona zote tatu, kunja. Moyo wako utakuambia bado ni mbichi. Usiusikilize. Joto lililo ndani ya mayai yenyewe linaendelea kupika baada ya kutoka motoni, na omeleti ikishakunjwa joto linafungiwa ndani. Ukingoja hadi juu iwe kavu ndani ya kikaango, kwenye sahani itakuwa sponji.

Kukunja kwenyewe fanya nje ya moto. Jana kwenye sekunde ya 32 niliinua kikaango, nikakiinamisha mbali nami kidogo ili omeleti iteremke upande wa pili wa mpini. Kwa mwiko nikachukua theluthi ya upande wa mpini nikaileta katikati, bila kuikandamiza. Kisha nikabadilisha mkono: kiganja chini ya mpini, kimetazama juu, kama unavyoshika kikombe. Nikapiga mpini ngumi nyepesi mara mbili tatu karibu na kikaango, na ule ukingo wa mbali ukapanda ukutani mwa kikaango na kuanza kujikunja wenyewe kurudi ndani. Kama haupandi, usaidie kwa mwiko, hakuna aibu. Halafu nikaleta sahani karibu, ukingo wa kikaango ukagusa sahani, nikakipindua kikaango mara moja. Omeleti ikaanguka mshono ukiwa chini. Tangu kumimina hadi sahani, sekunde 45. Sahani iwe imepashwa kidogo, hata kwa kuwekwa juu ya kifuniko cha birika. Sahani baridi inanyonya joto na kuacha kiini kibichi kuliko ulivyokusudia.

Ikiwa imelala upande, au imevimba katikati, ifunike kwa kitambaa safi ikiwa bado ina joto, uibane kwa viganja viwili iwe na umbo la mtumbwi. Mayai yaliyopikwa kwa kiasi yanakubali. Yaliyokauka yatapasuka tena, na kupasuka huko kutakuambia ukweli kuhusu moto wako.

Kuna jambo moja lililonitesa mwaka wangu wa kwanza jikoni, kwenye hoteli moja kando ya ziwa, na nadhani litakupata ukipikia familia. Omeleti ya kwanza ilitoka nzuri, ya pili na zilizofuata zikatoka kahawia, na sikuelewa kwa sababu nilihesabu sekunde zilezile. Kumbe kikaango cha omeleti ya pili hakianzi baridi. Kimeshabeba moto wa ile ya kwanza, na siagi ikiingia povu linajaa na kushuka kwa nusu ya muda. Nilikuwa nahesabu badala ya kusikiliza. Tangu hapo, kati ya omeleti na omeleti naweka kikaango juu ya kitambaa chenye maji, hadi kiache kulia, nakifuta, kisha naanza tena. Na sekunde nilizokuandikia ni za mbabula yangu, makala yangu na asubuhi ile. Zako zitatofautiana. Alama hazitofautiani.

Kitunguu, nyanya na pilipili, ambavyo omeleti ya kwetu haikosi, usivichanganye na mayai mabichi. Nyanya ni maji matupu, na maji hayo yataipoza siagi na kutoka kwenye sahani. Vikaange kwanza peke yake hadi vikauke, vitoe, viweke pembeni. Katika zile sekunde 8 baada ya kuacha kukoroga, panga vijiko viwili vya chakula, visizidi, kwenye mstari katikati. Ukizidisha, mzigo unapasua ngozi wakati wa kukunja. Mimi napenda zaidi jibini ya Masisi iliyokwanguliwa, kiasi cha ngumi ya mtoto, wakati huohuo na mahali palepale. Inayeyuka kwa joto lililofungiwa, na kwa kuwa ina chumvi yake, punguza ile ya mwanzo.

Kama siagi huna na unatumia majarini, angalia pakiti. Ile yenye mafuta asilimia 80 hutoa povu linalokaribia la siagi. Ile nyepesi ya kupaka mkate ina maji mengi zaidi. Itarusha na kupiga kelele muda mrefu, na alama zake hazitegemeki. Samli na mafuta ya kula havina maji, kwa hiyo havina povu la kusoma. Hapo chovya ncha ya uma kwenye mayai, udondoshe tone moja: likishikana polepole na kubaki la njano, mimina, likitawanyika na kupata rangi, inua kikaango.

Usimpe omeleti hii mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofika au mgonjwa. Katikati yake huenda pasifike digrii 71, ambayo ndiyo inayoua salmonela mara moja, na mayai yetu hatujui yamekaa wapi siku ngapi. Kwao kunja kama nilivyosema, kisha rudisha kikaango juu ya moto mdogo, funika kwa dakika moja au mbili, geuza, hadi ukikata katikati usione unyevu. Haitakuwa laini kama yako, lakini siagi na chumvi ya mapema zitakuwa zimeisaidia.

Kesho asubuhi basi, weka omeleti yako mwisho baada ya chai, tumia mayai matatu na kikaango kidogo, na umimine povu likianza kunong'ona. Ikifika kwenye sahani iache dakika moja, kisha ikate katikati kwa kisu. Nje iwe ya njano bila doa la kahawia, na ndani pawe na krimu nzito inayosimama kwenye kisu bila kutiririka. Ikitiririka, mara nyingine ongeza sekunde tano katika ule muda wa kutogusa. Ikiwa kavu, usipunguze muda wa kutogusa, acha kukoroga mapema zaidi.